Kupata umbali kati ya sehemu mbili kwa kutumia vipande viwili vya njia na pembe ya kona

Katika tambarare ya Bahi, magharibi mwa jiji la Dodoma, mtu anaweza kuiona kwa macho sehemu anayotaka kuifikia na bado asiweze kuinyooshea tepu. Wakati wa kifuku majaruba ya mpunga hujaa maji na tope, na kila mwenye safari huzunguka. Tuchukue kijiji kimoja cha huko: kisima kirefu kiko upande mmoja wa majaruba, shule ya msingi iko upande wa pili, na kamati ya maji inataka kujua zitahitajika mita ngapi za bomba kiangazi kitakapofika, kwa sababu bajeti inaandikwa sasa. Njia inayopitika inatoka kisimani hadi kwenye mbuyu mkubwa, inakata kona pale mbuyuni, kisha inakwenda shuleni. Vipande vyote viwili vya njia hiyo vimenyooka na vinapimika. Kinachotafutwa ni urefu wa mstari wa tatu, ule unaotoka kisimani moja kwa moja hadi shuleni, ambao kwa wakati huu hakuna awezaye kuutembea.

Kazi hiyo hufanywa kwa kanuni ya kosini. Ukiwa na pande mbili za pembetatu, tuziite a na b, pamoja na pembe C iliyo katikati ya pande hizo, upande wa tatu c hupatikana hivi:

```
c² = a² + b² − 2ab·cos C
```

Ni kanuni ya zamani, na Wafaransa hadi leo huiita kwa jina la Al-Kashi, mwanahisabati aliyefanya kazi Samarkandi mwanzoni mwa karne ya 15. Anayeikumbuka kanuni ya Pithagoras ataona kuwa sehemu ya kwanza ni ileile, na kwamba kilichoongezwa ni marekebisho ya mwisho. Pembe ikiwa mraba, yaani nyuzi 90, kosini yake ni sifuri na marekebisho hayo yanatoweka. Pembe ikiwa kali, kosini ni chanya, kwa hiyo tunapunguza. Pembe ikiwa butu, yaani imezidi nyuzi 90, kosini ni hasi, na kutoa namba hasi ni kujumlisha. Naomba msomaji aishike sentensi hiyo ya mwisho, maana makosa mengi niliyoyaona katika kazi hii yanaanzia hapo.

Hatua ya kwanza: kupima vipande viwili

Toka kisimani hadi mbuyuni kwa tepu ya mita 50 au 100, ukiweka kigingi kila inapoishia na ukihakikisha kwamba vigingi vyote viko kwenye mstari mmoja ukivitazama kutoka nyuma. Katika kisa chetu kipande cha kwanza ni mita 640. Fanya vivyo hivyo kutoka mbuyuni hadi shuleni. Hapo tulipata mita 450.

Kanuni inadai kwamba kila kipande kiwe mstari ulionyooka. Haijali umetembea kiasi gani, inajali upande wa pembetatu. Ndiyo maana umbali unaosomwa kwenye dashibodi ya gari haufai kuingizwa humu bila kufikiri. Barabara ya Dodoma hadi Iringa inayopitia Mtera ina urefu wa kilomita 260 hivi, wakati ukiweka rula kwenye ramani kati ya miji hiyo miwili utapata kama kilomita 180 tu. Mtu akiingiza 260 kama upande wa pembetatu, hesabu yake itakuwa safi na jibu lake halitakuwa na maana yoyote. Kijijini tatizo ni hilohilo kwa kiasi kidogo: njia ya ng'ombe inayopinda mara tatu kati ya kisima na mbuyu si upande wa pembetatu. Ikiwa njia imepinda kidogo, acha njia na upime kando yake kwa kufuata mstari wa macho. Ikiwa imepinda sana, weka kituo kwenye kila kona na ufanye pembetatu moja baada ya nyingine, kila jibu likiwa upande wa pembetatu inayofuata.

Mteremko ni jambo dogo Bahi, kwa sababu ardhi ni bapa. Kwenye vilima ni tofauti, kwa sababu tepu iliyolala kwenye mteremko wa nyuzi 10 ikasoma mita 100 imepita mita 98.5 tu kwa ulalo wa ramani.

Hatua ya pili: kupata pembe ya kona

Hapa ndipo pa kutulia. Pembe inayotakiwa na kanuni ni pembe ya ndani ya pembetatu, ile ambayo mtu aliyesimama mbuyuni angeiona kati ya kisima na shule. Siyo kiasi alichogeuka akiwa safarini. Vitu hivi viwili vinachanganywa kila siku kwa sababu msafiri huhisi kugeuka kwake, ilhali pembe ya ndani iko nyuma ya bega lake.

Tazama kilichotokea njiani. Kutoka kisimani hadi mbuyuni dira ilisoma nyuzi 70, ikihesabiwa kutoka kaskazini kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa. Kutoka mbuyuni hadi shuleni ilisoma nyuzi 135. Tofauti ni nyuzi 65, na hicho ndicho kiasi ambacho msafiri alijipinda kuelekea kulia. Kama asingejipinda kabisa, kugeuka kwake kungekuwa nyuzi 0, lakini pembe ya ndani ingekuwa nyuzi 180, kwa kuwa kisima kingekuwa mgongoni kabisa na shule mbele kabisa. Kwa hiyo pembe ya ndani ni 180 toa kiasi cha kugeuka:

```
C = 180° − 65° = 115°
```

Njia ninayoipenda mimi ni kutofanya utoaji huo kabisa. Simama penye kona, hapo mbuyuni, uelekeze dira kisimani na uandike namba, kisha uelekeze dira shuleni bila kusogea na uandike namba ya pili. Katika kisa chetu zilisomeka 250 na 135, na tofauti yake ni 115 moja kwa moja. Hakuna cha kukumbuka, wala hakuna cha kugeuza. Ikitokea tofauti imezidi 180, kwa mfano dira imesoma 350 upande mmoja na 40 upande mwingine, toa tofauti hiyo kutoka 360: 360 toa 310 ni nyuzi 50, na hiyo ndiyo pembe yako.

Njia hii ina faida nyingine. Sindano ya dira haielekei kaskazini halisi ya ramani, ila kosa hilo linaingia kwa kiasi kilekile katika masomo yote mawili, na unapotoa namba moja kutoka nyingine linajifuta. Kisichojifuta ni chuma kilicho karibu. Weka baiskeli, panga na jembe mbali na dira, na kama unatumia dira ya simu iondoe kwanza kwenye kava lenye sumaku. Soma kila upande mara tatu. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya nyuzi 2 au 3, kuna kitu kinachoivuta sindano, na dawa yake ni kusogea hatua kadhaa nyuma kwenye mstari uleule na kusoma tena.

Ipo hali ambayo haihitaji kutoa kutoka 180 hata ukitumia dira ya msafiri: pale safari mbili zinapoanzia mahali pamoja. Waendesha bodaboda wawili wakiondoka kijiwe kimoja, mmoja akaenda kilomita 8 kwa uelekeo wa nyuzi 20 na mwenzake kilomita 5 kwa uelekeo wa nyuzi 75, pembe iliyo kati ya njia zao ni 55 tu, bila marekebisho, kwa sababu kona yenyewe ni kijiwe na wote wanaitazama dunia kutoka hapo. Umbali kati yao utakuwa kipeuo cha pili cha 64 + 25 − 80 × 0.5736, yaani kama kilomita 6.6. Jiulize tu: je, namba zote mbili za dira zinatoka penye kona? Kama ndiyo, tofauti yake ndiyo pembe. Kama moja ilichukuliwa wakati wa kuijia kona na nyingine wakati wa kuiacha, toa tofauti hiyo kutoka 180.

Hatua ya tatu: kukokotoa

Kabla ya kugusa namba zako, jaribu kikokotoo kwa pembe unayoijua. Bonyeza cos 60. Ikitoka 0.5, endelea. Ikitoka namba nyingine, kikokotoo hakisomi nyuzi, na kwenye simu nyingi utaona kitufe cha `Deg` au `Rad` cha kubadilishia. Kinachotakiwa ni hali ya `Deg`. Kosa hili lina hila katika kisa chetu. Kikokotoo kilichowekwa kwenye `Rad` kitasema kosini ya 115 ni kama −0.326, badala ya −0.4226. Namba ni hasi kama inavyotarajiwa, jibu la mwisho linatoka mita 894, na hakuna anayeshtuka, ingawa kweli imepungua mita 31. Kwa hiyo usitegemee kwamba jibu baya litaonekana baya. Jaribu cos 60 kila mara.

Sasa hesabu, sehemu moja baada ya nyingine na kila moja ikiandikwa:

```
a² + b²  = 640² + 450² = 409600 + 202500 = 612100
2ab      = 2 × 640 × 450 = 576000
cos 115° = −0.4226
c²       = 612100 − (576000 × −0.4226)
         = 612100 + 243418 = 855518
c        = √855518 ≈ 925
```

Umbali kutoka kisimani hadi shuleni ni mita 925. Njia ya kuzungukia mbuyuni ni mita 1,090, kwa hiyo mstari wa moja kwa moja unaokoa mita 165.

Anayetumia jedwali la kompyuta akumbuke kwamba `COS` ya humo haijui nyuzi, na lazima aibadilishie pembe ndani ya fomula yenyewe:

```
=SQRT(640^2+450^2-2*640*450*COS(RADIANS(115)))
```

Kosa jingine la vidole ni kutoa 576000 kutoka 612100 kwanza, ndipo kuzidisha kwa kosini. Kuzidisha hutangulia kutoa. Katika pembe butu kosa hili linajitangaza lenyewe, kwa sababu unabaki na namba hasi ambayo haina kipeuo cha pili na kikokotoo kinakataa. Katika pembe kali halijitangazi: wale bodaboda wetu wangetoka na kilomita 2.3, namba inayoonekana ya kawaida kabisa.

Hatua ya nne: kulihoji jibu

Ukaguzi wa kwanza hauhitaji karatasi. Upande wa tatu wa pembetatu hauwezi kuzidi jumla ya pande mbili, wala kuwa chini ya tofauti yake. Kwetu mipaka ni mita 190 na mita 1,090, na 925 iko ndani. Kwa bodaboda mpaka wa chini ni 8 toa 5, yaani kilomita 3, kwa hiyo ile 2.3 inatupwa papo hapo.

Ukaguzi wa pili unamkamata yule aliyetumia pembe ya kugeuka. Akiingiza 65 badala ya 115 atapata kipeuo cha 368672, ambacho ni mita 607. Mipaka ya kwanza hailikatai jibu hilo. Lakini pale mbuyuni shule na kisima vimepanuka kuliko kona ya mraba. Mtu yeyote aliyesimama pale na kunyoosha mikono, mmoja kisimani na mwingine shuleni, angeliona hilo bila dira. Pembe ikizidi nyuzi 90, upande unaoikabili ndio mrefu kuliko wote, na 607 ni fupi kuliko 640. Kwa hiyo 607 haiwezekani. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya kosa hili katika kazi nyingine, nikiwa na haraka, na nililigundua pale rola za bomba zilipokwisha huku mfereji ukiendelea mbele. Hapa Bahi, kwa rola za mita 100, tofauti ingekuwa kununua rola 7 wakati zinahitajika 10.

Ukaguzi wa tatu ni kuchora. Chukua karatasi, rula na kipimapembe, sentimita moja iwakilishe mita 100. Chora mstari wa sentimita 6.4, pima nyuzi 115 kwenye ncha yake, chora sentimita 4.5, kisha upime nafasi iliyobaki wazi. Utasoma kama sentimita 9.2 au 9.3. Mchoro hautoi usahihi wa mita moja, ila hautoi 6.1 wala 8.9, na hilo ndilo tunalolitaka kwake.

Mchoro huo pia unaonyesha kwa nini tulijumlisha badala ya kupunguza. Endeleza ule mstari wa kisima na mbuyu mbele kupita mbuyu, kisha kutoka shuleni shusha mstari unaoukata kwa pembe mraba. Msafiri alipogeuka nyuzi 65 hakuacha kabisa kusonga mbele: kati ya mita zake 450, kiasi cha 450 × cos 65, yaani mita 190, kiliendelea kumpeleka kwenye uelekeo wa mwanzo, na kiasi cha 450 × sin 65, yaani mita 408, kilimpeleka pembeni. Kwa hiyo amefika mita 830 mbele na mita 408 kando ya mstari wake wa kwanza, na Pithagoras wa kawaida anarudisha mita 925 zilezile. Laiti angegeuka zaidi ya nyuzi 90 angekuwa anarudi nyuma, na hapo ndipo kanuni inapopunguza. Anayeogopa kosini hasi anaweza kufanya hesabu yote kwa njia hii.

Jibu linaaminika kwa kiasi gani

Dira ya mkononi husomeka kwa usahihi wa nyuzi 1 au 2 kwa mtu mwangalifu, na dira ya simu inaweza kukosea nyuzi 5 bila kukuambia. Njia rahisi ya kujua kosa hilo linagharimu kiasi gani ni kurudia hesabu kwa pembe iliyo chini kidogo na iliyo juu kidogo. Kwa nyuzi 110 tunapata mita 900, na kwa nyuzi 120 tunapata mita 949. Kwa hiyo hapa kila uzi mmoja ni karibu mita 5, na dira mbaya ya nyuzi 5 ni kama mita 25. Kukosea mita 10 katika kipande cha kwanza kungelibadilisha jibu kwa mita 9. Basi anayenyoosha tepu kwa ukamilifu wa sentimita kisha akasoma pembe kwa simu iliyo mfukoni mwa shati amepoteza jasho lake mahali pasipohitajika. Kuandika mita 924.95 kwenye ripoti ni kujidanganya vilevile. Iandikwe 925, na mnunuzi aelezwe kwamba inaweza kupanda au kushuka mita 10 hata kama kila kitu kilisomwa vizuri. Bomba nalo haliwekwi likiwa limekazwa kama kamba ya kengele, na rola 10 zinaacha mita 75 za kulegeza na za kuunganishia.

Duara la dunia halituhusu katika umbali wa kilomita chache, wala hata wa makumi ya kilomita. Kipimo kitaharibiwa na kona ya njia iliyosahauliwa muda mrefu kabla hakijaharibiwa na dunia.

Uelekeo wa mfereji

Umbali peke yake haumwambii mchimbaji aanzie wapi, hasa kama migunga inaizuia shule isionekane kutoka kisimani. Kanuni ileile, ikigeuzwa, inatoa pembe ya pale kisimani, tuiite K, kwa kuwa sasa pande zote tatu zinajulikana:

```
cos K = (640² + 925² − 450²) / (2 × 640 × 925)
cos K ≈ 0.8976
K ≈ 26°
```

Msafiri alitoka kisimani kwa nyuzi 70 na baadaye akageukia kulia, kwa hiyo shule iko upande wa kulia wa njia yake ya kwanza: 70 jumlisha 26 ni nyuzi 96, kusini kidogo ya mashariki. Angegeukia kushoto tungetoa. Kabla kigingi cha kwanza hakijapigwa, mtu mmoja aende shuleni na dira yake na atazame kwa nyuzi 276, yaani 96 jumlisha 180. Asipokiona kisima au miti iliyo jirani nacho ikiwa karibu na mstari huo, mrudi wote mbuyuni mkasome pembe upya.